Nani Alibana, Nani Alibanwa

Tarehe 8 Julai 2014, katika uwanja wa Mineirão mjini Belo Horizonte, Ujerumani iliifunga Brazili mabao 7-1 kwenye nusu fainali ya Kombe la Dunia. Takwimu za FIFA za mchezo ule zinaonyesha kwamba Brazili walimiliki mpira kwa asilimia 52. Mtu ambaye hakuutazama mchezo, akapewa namba hiyo peke yake, angedhani wenyeji walikuwa juu kidogo ya wageni wao.

Liangalie bao la nne, lililofungwa dakika ya 26. Brazili wametoka kufungwa la tatu na wameanzisha mpira upya katikati ya uwanja. Wanaurudisha nyuma, unamfikia Fernandinho mbele ya mabeki wake, na Toni Kroos anamfikia kabla hajageuka. Kroos anampokonya, anagongeana na Sami Khedira na kuusukuma mpira wavuni. Katika daftari la umiliki, muda ule mfupi kabla ya Fernandinho kupokonywa uliandikwa upande wa Brazili. Mpira ulikuwa wao, lakini uliokuwa ukitokea uwanjani ulikuwa wa Wajerumani, na asilimia haikuwa na mahali pa kuliandika hilo.

Kwanza tuone namba hii inavyopatikana. Kuna njia mbili. Ya zamani ni ya saa: mtu anabonyeza kitufe kila mpira unapohama timu, kisha muda wa kila upande unajumlishwa. Ya pili ndiyo iliyofuatwa kwa miaka mingi na kampuni ya Opta, ambayo takwimu zake husomwa kwenye televisheni nyingi: zinahesabiwa pasi. Timu ikipiga pasi 450 na mpinzani wake 300, jumla ni 750, na sehemu ya ile ya kwanza ni asilimia 60. Hakuna saa iliyotumika hapo. Njia hizi mbili hukaribiana mara nyingi, lakini hiyo ya pili inatuonyesha vizuri udhaifu wa kipimo chenyewe, kwa sababu pasi ya beki wa kati kwenda kwa beki wa kati mwenzake, hakuna anayewasogelea, inahesabiwa sawa na pasi inayopenya katikati ya mabeki na kumwacha mshambuliaji peke yake na kipa.

Tena asilimia hiyo haisemi mpira ulikaa wapi wala kwa idhini ya nani. Neno idhini nalitumia kwa makusudi. Timu inayoongoza inaweza kurudi nyuma kwa hiari na kumwachia mpinzani mpira katika eneo ambalo hawezi kumdhuru mtu. Novemba 7, 2012, Celtic waliifunga Barcelona 2-1 mjini Glasgow kwenye Ligi ya Mabingwa, na bao la kwanza lilikuwa la kichwa la Mkenya Victor Wanyama, kutokana na kona, dakika ya 21. Barcelona walikuwa na mpira kwa sehemu kubwa mno ya usiku ule. Mtu anaweza kusema Celtic walizidiwa, na mwingine akasema Celtic waliamua mchezo uchezwe vile. Umiliki hauwezi kuamua kati ya hao wawili, kwa kuwa unahesabu anachofanya mwenye mpira tu, na unanyamaza kuhusu asiye nao.

Huku kwetu tumeipenda sana namba hii kwa sababu tumependa sana pasi. Mashabiki wa Simba walipouita mchezo wa timu yao pira biriani, walikuwa wakisifia utamu wa mpira unaotembea mguuni, na utamu huo ni wa kweli. Kosa linakuja pale tunapodhani kwamba utamu huo ndio utawala, halafu tukautafutia ushahidi kwenye asilimia.

Mwaka 2014 mchambuzi Colin Trainor alichapisha kipimo kinachomwangalia asiye na mpira. Kinahesabu pasi ambazo timu inamruhusu mpinzani kupiga kabla ya kufanya tendo moja la ulinzi. Kwenye skrini huandikwa PPDA. Hesabu yake ni ya kugawanya tu. Juu unaweka pasi alizopiga mpinzani. Chini unaweka matendo ya ulinzi ya timu inayokaba, yaani kupokonya mpira, kunasa pasi, kujaribu kupokonya ukashindwa, na faulo.

Siri iko kwenye eneo. Hazihesabiwi pasi wala matendo ya uwanja mzima. Trainor aliugawa urefu wa uwanja katika sehemu mia, akaacha nje asilimia 40 iliyo karibu na lango la timu inayokaba. Kwa uwanja wa mita 105, hiyo ni mita 42 zilizoachwa na mita 63 zinazohesabiwa, kuanzia lango la mpinzani. Sababu yake ni nyepesi kuielewa. Kila timu hukaba mpira ukifika langoni kwake, hata ile mbovu kabisa. Hiyo ni kujiokoa. Swali la kipimo hiki ni nani anayekwenda kuutafuta mpira mbali, kule ambako angeweza kuacha tu upite.

Tuchukue timu mbili za kubuni, zote zimemaliza mchezo na asilimia 40 ya umiliki. Ya kwanza imemruhusu mpinzani pasi 240 katika zile mita 63, na imefanya matendo 30 ya ulinzi humo. Gawanya: 8. Ya pili imeruhusu pasi 320 na kufanya matendo 16. Gawanya: 20. Kwa umiliki, timu hizi ni pacha. Kwa kipimo hiki, ya kwanza inamfikia mpinzani kila baada ya pasi nane, na ya pili inamwacha apige ishirini kabla mtu hajanyoosha mguu. Namba ndogo ndiyo inayoonyesha ukabaji mkali, jambo linalowachanganya wengi mara ya kwanza kwa sababu tumezoea kwamba kikubwa ndicho kizuri. Kwenye ligi kubwa za Ulaya, timu inayoshuka chini ya 9 kwa msimu mzima ni timu inayokabia juu bila kuchoka, na inayopita 15 ni timu iliyoamua kusubiri nyuma.

Nilipoanza kukisoma kipimo hiki, kilichonivutia zaidi ni kwamba timu za mila tofauti kabisa za soka zinaweza kutoa namba zinazofanana. Hapo ndipo ulinganisho unapoanza kuwa na faida.

Mila ya kwanza ni ile iliyotoka kwa Johan Cruyff ikafika kwa Pep Guardiola. Watu wengi wanaikumbuka Barcelona ya 2008 hadi 2012 kwa pasi zake, na umiliki wake ulikuwa mkubwa kweli. Lakini timu haipati mpira kwa kupiga pasi. Kwa pasi inautunza tu. Mpira uliopotea lazima urudishwe na mtu. Barcelona ile ilikuwa na kanuni ya sekunde tano: mpira ukipotea, wote walio karibu wanamvamia aliyeuchukua kwa sekunde tano, na wasipoupata ndipo wanarudi kujipanga. Waliweza kwa sababu pasi zao fupi zilikuwa zimewaweka karibu karibu. Kwa hiyo ile asilimia kubwa tuliyokuwa tukiishangilia ilikuwa pia tunda la kukaba. Nchi na klabu nyingi zilizoiga Barcelona ziliiga pasi na kuacha mbio za kuurudisha mpira, zikabaki na timu inayozungusha mpira polepole na kulia ikipokonywa.

Mila ya pili ni ya Kijerumani, ingawa mzizi wake mmoja uko Kyiv. Mapema miaka ya 1980 Ralf Rangnick, akiwa kocha kijana mchezaji wa Viktoria Backnang, timu ya madaraja ya chini, alicheza mechi ya kirafiki dhidi ya Dynamo Kyiv ya Valeriy Lobanovskyi. Amesimulia mara nyingi kwamba mpira ulipotoka nje alisimama kuwahesabu wapinzani, maana alihisi wamezidi kumi na moja. Kila mwenzake aliyepokea mpira alikuta watu wamemfikia. Rangnick aliijenga kazi yake juu ya hisia hiyo, na kwake saa ilikuwa ya kuuchukua mpira kuliko kuutunza: sekunde 8 za kuurudisha, sekunde 10 za kupiga shuti baada ya kuupata. Jürgen Klopp alisema wazi kwamba mpira uliopokonywa karibu na lango la mpinzani unatengeneza nafasi bora kuliko kiungo mchezeshaji yeyote. Timu ya mila hii inaweza kumpa mpinzani mpira kwa kukusudia, hata kupiga mpira mrefu usiolenga mtu, ili impokonye mahali ilipopachagua. Umiliki wake unaweza kuwa asilimia 45 huku ikibana kuliko mpinzani wake mwenye 55.

Mila ya tatu ni ya Marcelo Bielsa wa Ajentina, na huyu ndiye anayetufundisha mipaka ya kipimo. Bielsa anakaba mtu kwa mtu karibu uwanja mzima: kila mchezaji ana wake, anamfuata popote. Leeds yake ya Ligi Kuu ya Uingereza ilikuwa miongoni mwa timu zilizoruhusu pasi chache kabisa kwa kila tendo la ulinzi. Msimu wa 2020/21 ilimaliza nafasi ya tisa na watu wakaisifia. Msimu uliofuata ilikuwa bado inakimbia vilevile, lakini Februari 2022 peke yake iliruhusu mabao 20 katika ligi, na tarehe 27 ya mwezi huo Bielsa alifukuzwa. Ukabaji ule haukuwa umepungua kasi hata kidogo. Tatizo lilikuwa kwamba katika mtu kwa mtu, mchezaji mmoja akipigwa chenga hakuna wa kumfidia, kwa sababu kila mwenzake amefungwa na wake. PPDA inasema ni mara ngapi umemfikia mpinzani. Haisemi yaliyotokea alipokupita.

Kwa hiyo Barcelona, timu za Rangnick na Klopp, na Leeds zote zinaweza kukaa upande mmoja wa jedwali, na umiliki wao ukawatenganisha tena. Hapo namba hizi mbili zinafaa zikisomwa pamoja. Umiliki mkubwa na PPDA ndogo: timu inayoutaka mpira na inayokwenda kuuchukua. Umiliki mdogo na PPDA ndogo: timu inayoishi kwa kupokonya. Umiliki mkubwa na PPDA kubwa: timu iliyoachiwa mpira, ambayo ikiupoteza haiwezi kuurudisha upesi. Hii ndiyo inayotudanganya zaidi, kwa kuwa kwenye skrini inaonekana kama mtawala.

Sasa niingie kwenye mchezo mmoja kwa undani, kwa sababu ndio unaoonyesha kwamba hata hiki kipimo kipya kinahitaji msomaji mwangalifu. Ni Japani dhidi ya Hispania, Desemba 1, 2022, uwanja wa Khalifa huko Qatar. Japani walishinda 2-1 wakiwa na umiliki wa asilimia 17.7, mdogo kuliko wa timu yoyote iliyowahi kushinda mchezo wa Kombe la Dunia tangu kumbukumbu hizo zianze kutunzwa. Hispania walipiga zaidi ya pasi 1,000.

Kipindi cha kwanza Japani walikaa nyuma, mabeki watano, viungo wanne mbele yao. Álvaro Morata alifunga kwa kichwa dakika ya 11 na Hispania wakaendelea kuzungusha. Mapumziko, kocha Hajime Moriyasu aliwatoa Yuto Nagatomo na Takefusa Kubo, akawaingiza Kaoru Mitoma na Ritsu Doan. Kilichobadilika zaidi ya majina ni mahali pa kukabia. Dakika ya 48 mpira ulirudishwa kwa kipa Unai Simón. Daizen Maeda alimkimbilia kwa kasi, na nyuma yake wenzake walikuwa wamekwisha kupanda kuziba njia za karibu. Simón aliuinua mpira kuelekea kushoto kwa Alejandro Balde, Junya Ito akafika naye kwa pamoja na kushinda mpira ule, ukamwangukia Doan, ambaye alipiga kwa mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi. Dakika tatu baadaye Ao Tanaka alifunga la pili, ambalo VAR ililichunguza kuona kama mpira ulikuwa umetoka nje kabla Mitoma hajaurudisha ndani. Haukuwa umetoka wote. Baada ya hapo Japani walirudi nyuma tena na kujifungia mpaka mwisho.

Ukiukokotolea mchezo mzima PPDA, Japani wataonekana timu isiyokaba kabisa: pasi za Hispania ni nyingi mno na matendo ya Japani katika eneo la juu ni machache. Je, kipimo kimekosea? Wastani ndio umemeza kisa. Tuone kwa namba za kubuni. Timu imeruhusu pasi 400 na kufanya matendo 20: jibu ni 20, timu ya kusubiri. Lakini tuseme ndani ya dakika kumi tu za kipindi cha pili iliruhusu pasi 30 na kufanya matendo 6. Hapo jibu ni 5, ukabaji mkali kuliko wa timu yoyote ya ligi. Muda uliobaki ni pasi 370 kwa matendo 14, yaani zaidi ya 26. Namba ya 20 haielezi sehemu yoyote ya mchezo huo. Japani hawakuwa timu inayokaba wala timu isiyokaba. Walikuwa timu iliyochagua saa ya kukaba, na uchaguzi huo ndio uliowapa mchezo.

Siku nne kabla, Japani hao hao walikuwa na mpira zaidi ya Kosta Rika na wakafungwa 1-0. Kwenye kundi lile waliifunga Ujerumani na Hispania wakiwa na mpira kidogo, wakashindwa na timu iliyowaachia mpira. Mtu aliyeshika asilimia ya umiliki kama dira ya kuwatabiri Japani angekosea mara tatu mfululizo.

Kuna makosa mengine mawili ya kujihadhari nayo. La kwanza ni bao lililokwisha kufungwa. Timu inayoongoza mbili bila hukaba kidogo kwa sababu haina haja, na mpinzani wake hupiga pasi nyingi kwa sababu hana njia. PPDA yake itapanda bila kocha kubadilisha falsafa yoyote. La pili ni mpinzani anayepiga mipira mirefu moja kwa moja kutoka kwa kipa. Pasi zake katika eneo linalohesabiwa ni chache, na nafasi za kumkaba humo ni chache pia, hivyo unagawanya vitu vidogo kwa vitu vidogo, na tendo moja zaidi au pungufu linaibadilisha namba nzima. Tena yule aliyepiga mrefu kwa sababu amebanwa mpaka akakosa wa kumpa, na yule aliyepiga mrefu kwa mazoea yake, wanaandikwa vilevile. Bila kutazama picha huwezi kuwatofautisha. Na kwa kuwa kampuni za takwimu hazichori mpaka wa eneo mahali pamoja, wala hazihesabu faulo na majaribio yaliyoshindwa kwa namna moja, usiweke namba ya chanzo kimoja kando ya namba ya chanzo kingine.

Pamoja na hayo, kati ya namba hizi mbili mimi nachagua ile inayomhesabu asiye na mpira, mradi isomwe kwa vipande. Faida yake kwetu ni kwamba haihitaji kampuni wala kamera za bei kubwa. Mchambuzi wa redio, kocha wa timu ya daraja la kwanza, au mwanafunzi anayetazama ligi ya mtaani anaweza kuihesabu kwa karatasi. Chora mstari mita chache nyuma ya mstari wa katikati, upande wa timu inayokaba. Kwa uwanja wa kawaida ni kama mita kumi. Kila pasi ya mpinzani upande wa mbele wa mstari huo, piga alama safu ya kushoto. Kila mpira uliopokonywa, pasi iliyonaswa, jaribio lililoshindwa na faulo ya timu inayokaba katika eneo hilo, piga alama safu ya kulia. Anza karatasi mpya kila baada ya dakika 15, na andika matokeo yalivyo wakati huo juu ya karatasi. Mwisho utakuwa na vipande sita, na vipande hivyo ndivyo vya kuwasomea wasikilizaji wako, badala ya asilimia moja ya umiliki.